Mahojiano Jioni ya Buru

Mhasibu wa mradi wetu alinikataza neno moja: nitajaribu. Alikuwa mama wa Kikuria, mkali wa sura na laini wa moyo, aliyesoma ng'ambo akarudi na mazoea ya kunywa chai bila sukari, jambo ambalo sisi wengine katika ofisi ile ya Homa Bay tulilihesabu kuwa aina ya ugonjwa. Wakati wa chakula cha mchana, ili tufanye mazoezi ya mahojiano ya kazi yangu kwa simu, alifunga mlango wa chumba chake na kunikalisha kwenye kiti nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu kwenye simu hakuna uso wa kusoma. Kisha aliniuliza kwa Kiingereza cha puani kama ningeweza kumaliza kaseti mbili kwa wiki.

"Nitajaribu, madam."

"Nimekukataza nini?"

"Nitajaribu."

"Basi mbona umesema? Yule mzungu akisikia nitajaribu anaandika hapo kwa karatasi yake: huyu hawezi. Sema naweza. Na hiyo madam uwache. Mara moja inatosha, si kila neno."

Mimi nilikuwa nimelelewa kwingine. Kwetu, mtoto wa kike aliyeulizwa na mkubwa kama anaweza jambo alitazama chini na kusema atajaribu, na mkubwa akaelewa kwamba kazi imekwisha kufanyika. Kusema "naweza" mbele ya mtu mwenye kazi yake mkononi kulinishinda. Watu hututania sisi Wajaluo kwamba tunapenda kujisifu, na ni kweli wapo wajomba zangu ambao wangemaliza mahojiano mazima wakijisifia viatu. Kipaji hicho kilipogawanywa, nadhani mimi nilikuwa mtoni nikichota maji.

Nilikuwa sekretari wa mradi ule wa samaki, uliofadhiliwa kutoka nje, na ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Kaka yangu wa Nairobi alikuwa amenipatia nafasi ya kupiga chapa katika ofisi ya wakili, na alisema kwa namna yake ya kutoa amri kwamba nisipoikubali nisimlilie tena. Nairobi yenyewe sikuiogopa. Nilichoogopa ni nyumba ya mama, nje kidogo ya mji wa Migori, ambako mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kila Ijumaa. Macho ya mama yalikuwa yakififia. Tayari alikuwa amemwaga uji wa moto juu ya mguu wake kwa kudhani sufuria iko pale ambapo haikuwapo. Baba alikwisha kufariki zamani, na aliyebaki kumwangalia mama katikati ya wiki ni baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye kila asubuhi alisimama kwenye mlango wake na kumuuliza kwa ukali kama amelala vizuri. Hakuwa na namna nyingine ya kuuliza. Mama naye alimjibu kwa ukali uleule, na siku ikaanza.

Kaka alisema mama ahamie Nairobi kwake. Mama alisema afadhali wamzike kwanza.

Basi nilitaka kazi ambayo ningeifanya nikiwa nyumbani, ikalipwa na mtu aliye mbali. Leo ukisema hivyo hakuna anayeshtuka. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipomweleza mwenzangu mmoja ofisini, aliniuliza kama nimeokoka au nimerogwa. Lakini mradi ulikuwa na kompyuta iliyopiga simu Nairobi mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, ikapeleka barua pepe zetu na kuleta za watu, kwa mlio wa kuku anayekabwa. Mhasibu alinionyesha jinsi ya kujiandikisha kwa barua pepe katika orodha ya watafsiri wa dunia nzima. Kila alasiri zikaja barua zao: wanagombana kuhusu kamusi, wanalalamikia wateja, na mara mojamoja anatokea mtu anayetafuta mfanyakazi wa lugha fulani. Kijerumani. Kijapani. Kireno. Nilizisoma zote kana kwamba siku moja mtu angekosea akahitaji lugha ya mama yangu.

Wa kwanza kuihitaji alikuwa tapeli. Alisema ana kazi tele ya Kiswahili na Kijaluo, ila nitume kwanza ada ya kusajiliwa. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta mtu wa kunikopesha. Mhasibu aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaifuta bila kuniomba ruhusa.

"Mwajiri anakulipa wewe," alisema. "Siku atakuomba umlipe yeye, huyo si mwajiri."

Wa pili alikuwa wa kweli. Kampuni ndogo ya Kanada, pwani ya magharibi, iliyoandika maneno yaliyomo katika kaseti za watafiti wa vyuo vikuu. Walikuwa na kaseti zilizorekodiwa kando ya ziwa letu, akina mama wakieleza habari za uzazi na magonjwa ya watoto, na walitaka mtu wa kuzisikiliza, kuandika Kijaluo chake neno kwa neno, kisha kuweka Kiingereza chini yake. Waliomba wasifu wa ukurasa mmoja, majina ya watu wawili wa kunidhamini, na maelezo ya vifaa nilivyonavyo.

Wasifu wangu wa kwanza ulianza na dini yangu, kabila langu, hali ya ndoa na shule ya msingi. Mhasibu alikata yote hayo kwa kalamu nyekundu. "Hii haiwahusu," alisema, "na wengine wao hata sheria inawakataza kukuuliza. Waambie kazi umefanya." Kwenye vifaa nilitaka kuandika kwamba nina kila kitu. Alinikataza hilo pia. Tukaandika ukweli: mradi utaniachia kompyuta moja kuukuu, nitatumia umeme wa duka lililo karibu na nyumbani, na nitapeleka kazi kwa disketi hadi Homa Bay, kwenye ofisi ya misheni yenye barua pepe, kila Jumanne na Ijumaa. Niliona aibu kuisoma. Yeye alisema mtu aliye mbali hajali kama njia yako ni ndefu, anachojali ni kama anajua kazi itafika lini.

Wakanitumia jaribio la ukurasa mmoja. Nilipolirudisha wakaandika kwamba wangependa kunihoji kwa simu siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri.

Nilifurahi nusura nipige kigelegele. Mhasibu akauliza, "Saa tisa ya wapi?"

Ilikuwa ya kwao. Tukakaa na ramani ya ukutani tukihesabu. Kwa kawaida walikuwa nyuma yetu kwa saa kumi na moja, lakini ilikuwa kiangazi kwao na walikuwa wamesogeza saa zao mbele, kwa hiyo kumi. Mimi niliona kusogeza saa ni uongo wa watu wazima, ila ndivyo walivyofanya. Saa tisa yao ilikuwa saa saba ya usiku wetu, na hakuna simu Migori ambayo ningeweza kuifikia saa hiyo isipokuwa ya kituo cha polisi.

"Waombe wabadilishe," mhasibu alisema.

"Niombe? Kabla hata hawajaniajiri?"

Tulibishana juu ya hilo mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe aliniamuru niandike. Nisilalamike wala nisieleze habari za usiku na mbwa. Nishukuru, nipendekeze nyakati mbili badala yake, na kila moja niiandike kwa saa yao kwanza na yetu pili, ili wasihesabu wenyewe. Niliandika hivyo hivyo. Kesho yake jibu likaja, jepesi kabisa: Ijumaa, saa mbili asubuhi kwao, saa kumi na mbili jioni kwetu. Nambari niliyowapa ni ya hadiweya, duka la vifaa vya ujenzi, iliyo kwenye njia panda karibu na nyumbani, kwa sababu ofisi ya Homa Bay ilifungwa saa kumi na moja na askari wetu hakujua huruma.

Jumanne ya wiki hiyo baba mkubwa alifariki.

Nililia pale ofisini kichwa kikiwa juu ya mashine ya chapa. Nililia kwa ajili yake, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na kingine, cha mama. Sasa hapakuwa na mtu wa kusimama mlangoni asubuhi. Kazi ile ya Kanada niliyokuwa nikiitaka, kuanzia hapo nikawa sina budi kuipata.

Maziko yalipangwa Jumamosi. Mhasibu alisema tuwaandikie Wakanada wasogeze mahojiano hadi wiki inayofuata. Nilikataa katakata. Nilikuwa nimekwisha kuwasumbua mara moja. Na kuna jambo ambalo kila mwajiri wa Kenya analijua: mfanyakazi akitaka siku ya mapumziko, anamwua nyanya yake. Kuna watu katika ofisi yetu waliokuwa wamezika nyanya wengi kuliko binadamu anavyoruhusiwa kuwa nao. Niliona wazi jinsi barua yangu ingesomwa huko: kwanza saa haimfai, sasa amefiwa.

"Wale hawajui hizo hadithi zetu," mhasibu alisema. "Ukiwaambia msiba watakuamini."

"Nitaifanya hiyohiyo Ijumaa."

"Wewe ni kichwa ngumu."

"Naweza," nilimwambia, na kwa mara ya kwanza akarudi kwenye hesabu zake bila kunisahihisha.

Nilipofika nyumbani, nilimweleza mama peke yake. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, paka wake mweusi amejikunja karibu na goti lake. Sikuficha kitu: kazi, simu, saa. Aliniambia kwamba marehemu mwenyewe angenifukuza niende, tena kwa fimbo. Halafu akauliza kama hao watu wa simu wana adabu. Nikamwambia sijui bado.

Kuna jambo moja ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. Baba mkubwa alikuwa mzee mwenye wajukuu, na mzee wa namna hiyo kwetu haondoki kimyakimya. Wanaume huchukua ng'ombe, hujifunga majani, hushika mikuki na marungu, huenda mpaka porini au mtoni kukifukuza kifo, kisha hurudi nyumbani wakikimbia kwa nyimbo na pembe. Ndiyo tero buru. Ijumaa ile waliondoka baada ya chakula cha mchana kuelekea mtoni. Njia ya kurudi ilipita kwenye njia panda, mbele ya hadiweya. Nilimuuliza binamu yangu watarudi saa ngapi, akanitazama kana kwamba nimeuliza mvua itanyesha saa ngapi.

Nilifika dukani mapema. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo mwenye kelele nyingi, aliyenijua tangu nikiwa na meno ya utotoni. Alikuwa amesogeza mifuko ya saruji na kuniwekea debe la rangi la kukalia, na simu ameifuta vumbi kwa shati lake.

"Pole sana, mama. Hiyo interview yako ni saa hii?"

"Saa kumi na mbili kamili."

"Basi mimi siuzi kitu. Mtu akitaka msumari atangoja."

Akasimama mlangoni mikono kiunoni kama askari. Redio ya kinyozi wa jirani aliizima yeye mwenyewe, sijui kwa ruhusa ya nani. Nikaweka mbele yangu karatasi yenye maswali mawili ambayo mhasibu alisema lazima niwaulize mwishoni, kwa sababu asiyeuliza chochote huonekana hataki kazi. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya mti wa msonobari wa kanisa. Barabara ilikuwa tulivu. Nikaanza kuamini kwamba wamekwisha kupita, au wamechelewa mtoni.

Simu ikalia. Niliishika ikanitoka, nikaishika tena.

Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alinisalimu kwa jina langu la kwanza, akanishukuru kwa muda wangu, akasema yupo mwenzake kwenye laini ambaye atasikiliza tu, hatazungumza. Nikamfikiria mzungu mwenye kalamu. Nilianza kumuuliza habari za nyumbani kwake, watoto, mvua, kama ilivyo adabu, nikakumbuka nikakata katikati. Pakawa na kimya. Mhasibu alikuwa ameniambia kimya chao si hasira, wanaandika. Lakini kimya kile kilikuwa na mlio wa bahari ndani yake, na kila neno langu lilinirudia sikioni kabla hajajibu, kwa hiyo nikawa najisikia mwenyewe nikijiharibia.

Aliniuliza nieleze uzoefu wangu. Nikasema "sisi." Sisi tulitafsiri, sisi tuliandika ripoti. Akauliza kwa upole: wewe mwenyewe ulifanya nini hapo? Nikasema nilisaidia kidogo. Uongo mtupu! Ripoti zile niliziandika mimi, na mabosi walitia sahihi.

Akauliza ikiwa ningeweza kaseti mbili kwa wiki.

"Nitajaribu," nilisema.

Lilitoka lenyewe. Nilifumba macho. Upande wa pili ukanyamaza, na safari hii nilijua kabisa wanachoandika.

"Ukisema utajaribu," aliuliza, "una maana kwamba huna uhakika?"

Hapo ndipo niliposikia pembe.

Ilikuwa mbali bado, upande wa mtoni, lakini hakuna kitu kingine kinacholia vile. Mwenye duka aligeuka akanitazama. Nilianza kujibu haraka, maneno yakigongana, nikitaka kumaliza kabla hawajafika, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo yule mama alivyoniomba nirudie. Kengele za ng'ombe zikaja. Halafu kwato. Halafu sauti za wanaume, na ardhi ya duka ikaanza kutikisika chini ya debe langu. Mwenye duka alitoka barabarani akiwapungia mikono wapite polepole. Kuwaambia watu wa buru wapite polepole! Nilitamani simu ikatike. Ninasema kweli, nilitamani ikatike ili kosa liwe la waya.

"Ni nini hiyo?" yule mama alisema, sauti imebadilika. "Uko salama? Kuna fujo?"

Ningeweza kusema ni harusi, ni mechi ya mpira, na ingepita. Nilikuwa nimechoka mno kutunga.

"Ni msiba," nilisema. "Kaka yake baba anazikwa kesho. Wanakifukuza kifo kitoke nyumbani. Ndiyo desturi yetu."

"Pole sana. Kwa nini hukutuambia? Tungesogeza siku bila shida yoyote. Unataka tuache?"

"Hapana. Naweza kuendelea."

Nilisikia neno hilo likinirudia katika waya, naweza, kwa sauti yangu. Wakati huo walikuwa wamefika mbele ya duka wakasimama, kwa sababu njia panda ndipo buru husimama kuimba. Yule mama akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa kuvuka mipaka ya adabu, kama ningekubali kumwambia wanaimba nini.

Nilisimama. Nikavuta waya wa simu mpaka mlangoni, na nikafanya kazi ambayo nimekuwa nikiifanya tangu nikiwa mtoto, nikiwaelezea walimu wageni maneno ya mama na kumwelezea mama maneno ya walimu. Kiongozi wa wimbo alikuwa jirani yetu mmoja, mtu wa kejeli, anayetunga papo hapo na kumtaja kila anayemwona. Alipotua mimi nikasema, alipoanza nikanyamaza. Sikutafuta Kiingereza kizuri. Kilikuja.

"Anasema, mlango mkubwa wa boma umeng'oka. Anasema, nani atatukemea sasa asubuhi? Anasema, kifo, wewe ni mgeni usiyeoga, pita, usikae. Wanaume wanajibu, pita, pita. Hapa anawachekesha, anasema marehemu alikuwa bahili wa tumbaku na sasa ameiacha yote. Wanacheka na wanalia."

Halafu yule jirani akaniona. Akaninyooshea rungu lake lililofungwa majani, akaimba, na mimi nilielewa kabla hajamaliza. Nyumbani wote walikuwa wamesikia habari za Nairobi.

Ningeweza kuyaruka maneno hayo. Nani angejua? Pembe zilikuwa zinalia, ng'ombe wanaroroma, mama yule alikuwa upande mwingine wa dunia na hakujua neno hata moja. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kwamba anarudia yaleyale.

"Sasa ananiimba mimi," nilisema. "Anasema, na huyu binti naye anaondoka, Nairobi inamvuta. Anasema, mama yake haoni tena. Anasema, ameachwa na mume, ameachwa na shemeji, sasa anaachwa na mtoto. Anasema, mama atabaki akizungumza na paka."

Sauti yangu ilipasuka kwenye neno paka. Machozi yalinishuka mbele ya wanaume wote wale, simu sikioni, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Jirani aliinua rungu, pembe ikalia, ng'ombe wakasukumwa, na wakaondoka wakikimbia kuelekea nyumbani. Vumbi liliingia dukani likakaa juu ya kila kitu.

Upande wa pili nikasikia mtu akikohoa, si yule mama.

"Ni kweli?" yule mama aliuliza. "Unaondoka?"

Mhasibu alinionya nisiwaombe kazi kwa kilio, kwamba shida zangu si sifa. Nikajifuta uso kwa bega.

"Nikipata kazi hii sitaondoka," nilijibu. "Na kuhusu kaseti mbili kwa wiki, nina uhakika. Nilisema nitajaribu kwa sababu kwetu hiyo ndiyo adabu. Naweza kaseti mbili. Ripoti zile niliziandika mimi. Nanyi mkinipa kazi jioni yenu, mtakuwa mmelala wakati mimi ninaifanya."

Nikauliza maswali yangu mawili. Kaseti zitatumwaje, na makosa yangu atayakagua nani. La kwanza alilijibu vizuri. La pili alisema nitajua wakati wake. Akanishukuru, akasema watapiga nambari hiyohiyo Jumatano, saa ileile. Laini ikakatika.

"Umepita?" mwenye duka aliuliza.

"Sijui."

"Mimi ningekupitisha. Sijaelewa kitu lakini ningekupitisha."

Tulimzika baba mkubwa. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu na mbaya. Kaka, aliyekuja kwa maziko, alitaka niondoke naye Jumapili, nikamwambia nitakuja baada ya Jumatano, akasema wakili hasubiri watu. Asubuhi mama aliamka akakaa kwenye kizingiti, uso ameuelekeza upande wa nyumba ya marehemu, akingoja kukemewa. Nilisimama mlangoni nikamuuliza kwa ukali kama amelala vizuri. Akanijibu kwamba sijui kuuliza. Niliingia ndani nikalia tena.

Jumatano nilimchukua mama mkono tukaenda naye hadiweya, kwa sababu sikutaka kumwacha peke yake na kwa sababu niliogopa. Mwenye duka alimpa kiti chake mwenyewe. Simu ililia jua likiwa palepale nyuma ya msonobari.

Nilisema "hello" kwa Kiingereza changu kilichonyooshwa. Sauti ya mwanamume ikajibu, "Oyawore."

Sikuelewa. Namaanisha, nililielewa neno, ni salamu yetu ya asubuhi, lakini sikuelewa limefikaje ndani ya simu. Kisha akacheka kidogo, akajisahihisha: huko kwenu jua linazama, basi oimore.

Alikuwa Mjaluo wa upande wa Oyugis. Alikuwa ameishi huko Kanada kwa miaka mingi, na ndiye aliyekagua kazi zote za Kijaluo. Ndiye aliyekuwa kwenye laini siku ile bila kuzungumza. Nikaupitia wimbo mzima kichwani, tumbaku, mlango, mgeni usiyeoga.

"Hukuruka kitu," alisema. "Nilipomsikia yule bwana anaanza kukuimba wewe, nilijiambia, hapa ataruka. Mimi mwenyewe ningeruka."

Halafu akaniuliza marehemu alikuwa nani, mtoto wa nani, alizikwa upande gani wa boma, ng'ombe walikuwa wengi? Aliuliza kama mtu anayeomba chakula. Aliniambia baba yake mwenyewe alizikwa yeye akiwa huko, hakuwa na nauli, na kwamba Ijumaa ile alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili na kahawa yake ikapoa mezani. Nilimjibu kila kitu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akizungumza habari za kazi, mpaka mimi mwenyewe nikasahau kuogopa.

Mwishowe akasema bosi wake atazungumza nami kuhusu mkataba, miezi mitatu ya kwanza ni ya kuangaliana, kaseti ziko njiani. Kabla sijapiga kelele aliongeza, "Lakini mama yuko karibu? Mwambie kutoka kwangu kwamba hatabaki na paka tu, paka ana mwenzake."

Nikaweka mkono juu ya simu. Nilimwinamia mama pale kwenye kiti chake kati ya misumari na mabati, nikamwambia neno kwa neno, kama lilivyosemwa, na nani kalisema.

Mama aligeuza uso wake kuelekea sauti yangu. Kisha akasema, kwa ukali ambao sikuwa nimeusikia tangu maziko:

"Basi kuanzia kesho huyo paka utamlisha wewe."